Metformini na vitamini B12: kwanini inashuka, nani apime, nani aongeze

Siku hizi kwenye magrupu ya Wasapu habari ya metformini imevurugika kabisa. Mmoja anatuma sauti anasema dawa hii inakausha vitamini zote mwilini na inaua neva, kwa hiyo mwenye sukari aiache ahamie kwenye majani fulani, mwingine anajibu hayo ni maneno ya wauza virutubisho tu na metformini haina neno. Mimi nipo duka la dawa, wote wawili nakutana nao dirishani, na wote wawili wamekosea. Metformini inashusha vitamini moja, B12, inaishusha taratibu sana, na wengi wanaoitumia hawafiki kwenye upungufu wenye madhara. Ila kwa wale wanaofika, dalili inaanzia miguuni kwa ganzi, na ganzi ya miguu kwa mtu mwenye kisukari kila mtu ana jibu lake tayari, "hiyo ni sukari tu mama, vumilia." Hapo ndo watu wanaumia kwa kitu kinachotibika, na ndo maana nataka nikielezee kwa nafasi.

Tuwekane sawa kwanza kwenye maneno. Metformini ni vile vidonge vya sukari vya miligramu 500, 850 au 1000 ambavyo mgonjwa wa kisukari aina ya pili huwa anaanzishiwa mwanzoni kabisa, kazi yake kubwa ni kulizuia ini lisimwage sukari nyingi kwenye damu na kuufanya mwili uitikie vizuri insulini yake wenyewe. Ni dawa ya zamani, imetumika kwa binadamu tangu mwaka 1957 kule Ufaransa, ni ya bei nafuu, na ikitumika peke yake ni nadra kushusha sukari mpaka mtu akaanguka. Wapo pia akina dada wanaopewa kwa sababu ya homoni kuvurugika na hedhi kukatika, kwa hiyo ukiona mtu anaimeza usidhani lazima ana kisukari.

B12 nayo ni vitamini ambayo mwili hauwezi kujitengenezea. Inatengenezwa na bakteria, inaishia kwenye miili ya wanyama, sisi tunaipata tukila nyama, maini, samaki, dagaa, mayai na maziwa. Kwenye mboga za majani, maharage, matunda na nafaka haimo, hata kama mboga hiyo ni nzuri kiasi gani kwa mambo mengine. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 2.4 tu kwa siku, kiasi kidogo mno ambacho kwa macho usingekiona, lakini bila hicho uboho haukamilishi chembe nyekundu za damu vizuri, na ile ala inayofunika neva nayo inaanza kuharibika. Damu na neva, kumbuka hizo mbili maana zinarudi mbele.

Sasa kwanini dawa ya sukari iguse vitamini? Ili uelewe lazima ujue B12 inavyoingia mwilini, maana vitamini nyingine nyingi zinapenya kirahisi ila hii ina safari ndefu. Ukila kipande cha samaki, B12 inakuwa imeshikana na protini ya huyo samaki. Asidi ya tumbo ndo inaiachanisha. Ikishaachana inakuja kushikwa na protini maalumu ambayo ukuta wa tumbo unaitengeneza kwa kazi hiyo hiyo tu, alafu zinashuka pamoja utumbo mwembamba wote mpaka sehemu yake ya mwisho kabisa, karibu na utumbo mpana unapoanzia. Pale mwisho kuna vipokezi vinavyoutambua ule muunganiko na kuuvuta ndani, na vipokezi hivyo vinahitaji kalsiamu ili vishike. Asidi ikipungua, au ile protini ikikosekana, au ile sehemu ya mwisho ya utumbo ikiwa na shida, B12 inapita inaishia chooni.

Metformini inaleta shida pale mwisho. Maelezo yenye nguvu zaidi mpaka sasa ni kwamba dawa inakaa kwenye utando wa chembe za utumbo na kuvuruga kazi ya kalsiamu, kwa hiyo vipokezi vinashika B12 kidogo kuliko kawaida. Waliojaribu kuwapa wagonjwa wa metformini kalsiamu ya ziada waliona ufyonzaji wa B12 unapanda tena, ndo maana maelezo haya yanaaminika. Yapo na mengine yanayotajwa, kwamba dawa inabadilisha mwendo wa utumbo na mzunguko wa nyongo na kuruhusu bakteria kuzaliana pasipotakiwa wakala hiyo vitamini, na inawezekana yote yanachangia. Lakini angalia jambo moja, hakuna hata moja kati ya hayo linalosema metformini inaiharibu B12 ambayo tayari imeingia mwilini. Inapunguza inayoingia, basi. Na kuna kitu watu wengi hawakijui, kila siku ini linatoa B12 kiasi kwenye nyongo ikashuka utumboni, na mwili unategemea kuichukua tena kule kule mwisho wa utumbo, kwa hiyo vipokezi vikizembea unapungukiwa na ya chakula na hii ya kurudishwa pia.

Pamoja na hayo yote mtu anaweza kunywa metformini miaka minne asisikie chochote, na hapa ndo kwenye ule mkanganyiko wa "mbona mimi naitumia siku zote na niko fiti". Fikiria simtanki juu ya nyumba, limejaa, alafu maji ya bomba yakaanza kuja kidogo kidogo kuliko mnavyotumia. Mwezi wa kwanza bomba la jikoni linatoa kama kawaida, wa pili hivyo hivyo, hakuna anayejua kitu kwa sababu hamna anayepanda kuchungulia, mpaka siku linakaribia kukauka. Tangi kubwa la B12 ni ini, na mwili mzima wa mtu mwenye afya una akiba ya miligramu 2 mpaka 5, ambazo ukilinganisha na mahitaji ya mikrogramu 2.4 kwa siku ni akiba ya miaka. Kwa hiyo anayekuambia metformini imemmaliza B12 ndani ya miezi miwili, kuna kitu kingine kilishaanza zamani, pengine alianza dawa tangi likiwa nusu tayari.

Hili sio jambo la kubahatisha. Ripoti za B12 kushuka kwa watumiaji wa metformini zipo tangu miaka ya 1970 mwanzoni. Utafiti ninaoupenda zaidi ni wa Uholanzi uliotoka mwaka 2010, walichukua watu 390 wenye kisukari wanaotumia insulini, wakagawanywa kwa kura, wengine wakapewa metformini ya miligramu 850 mara tatu kwa siku, wengine kidonge kisicho na dawa, wakafuatiliwa miaka minne na kidogo. Waliokuwa kwenye metformini B12 yao ilishuka kwa asilimia 19 ukilinganisha na wenzao, na walipopiga hesabu ikawa katika kila watu kama 14 waliotumia kwa muda huo, mmoja zaidi alifikia kiwango cha upungufu. Yaani wapo, na ni wengi kuliko watu walivyodhani, ila wengi wao hawakufika huko. Mwezi wa sita 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ikatoa tangazo kwamba kushuka kwa B12 sasa kuhesabiwe kama athari ya kawaida ya metformini, inaweza kumpata hadi mtu mmoja kati ya kumi, na chama cha kisukari cha Marekani nacho kinashauri wanaotumia metformini wapimwe B12 mara kwa mara, hasa wenye upungufu wa damu au ganzi.

Kinachoamua nani atafika huko ni mambo machache. La kwanza ni dozi na muda vikiwa pamoja. Anayemeza miligramu 500 mara moja kwa siku kwa mwaka mmoja yuko mbali sana na anayemeza gramu 2 kila siku kwa miaka minane. La pili ni umri, maana tumbo la mtu aliyevuka miaka 60 na kitu mara nyingi linatoa asidi kidogo, na ile hatua ya kwanza ya kuiachanisha B12 na protini ya chakula inakuwa dhaifu hata kabla ya metformini. La tatu ni dawa za kupunguza asidi, omeprazoli na ndugu zake, ambazo hapa kwetu watu wanazimeza kama karanga mwaka mzima kwa ajili ya kiungulia na vidonda vya tumbo bila hata kuandikiwa, hizi zinaziba njia juu wakati metformini inaziba chini. Alafu kuna chakula, mtu asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa kwa imani, kwa kupenda au kwa sababu hela haitoshi, huyo tangi lake halikuwahi kujaa. Na aliyekatwa sehemu ya tumbo au utumbo, huyo hata bila metformini alitakiwa awe anafuatiliwa.

Dalili zenyewe zikoje? Za damu ni zile mnazozijua, kuchoka, moyo kwenda mbio ukipanda ngazi, weupe kwenye viganja na kope, wakati mwingine ulimi unakuwa laini, mwekundu na unauma ukila pilipili. Za neva ni ganzi na kuchomachoma kunakoanzia vidole vya miguu na kupanda juu pande zote mbili, miguu kuwaka moto usiku, kutembea huku huhisi vizuri unapokanyaga, kuyumba gizani au ukifumba macho wakati wa kunawa uso, na wengine kusahausahau. Sasa soma tena hizo za neva, ni zile zile ambazo kisukari chenyewe kinaleta. Miguu yote miwili, kuanzia chini, ganzi na moto. Kwa kumwangalia mtu tu, hata daktari mzoefu hawezi kuapa ni ipi, na mara nyingine zipo zote mbili kwa pamoja.

Kuna vidokezo lakini. Ganzi ya sukari mara nyingi inakuja kwa mtu ambaye sukari yake imekuwa juu miaka mingi, kwa hiyo ukiona mtu sukari yake imetulia vizuri, anafuata kliniki, HbA1c yake, kile kipimo cha wastani wa sukari ya miezi kama mitatu, ni nzuri, alafu ganzi inapamba moto, jiulize. Kuyumba sana na miguu kukosa nguvu mapema kunaelekeza zaidi kwenye B12 kwa sababu upungufu huu unagusa mpaka uti wa mgongo, na huyo hatakiwi kusubiri tarehe ya kliniki, aende hospitali wiki hiyo hiyo. Na mikono ikianza ganzi karibu sawa na miguu, hiyo pia inatia shaka.

Kuna mtego mmoja hapa umenikera siku nyingi. Mgonjwa anaambiwa "damu yako iko vizuri kwa hiyo B12 haina shida." Hiyo haifuati hata kidogo. Neva zinaweza kuharibika wakati wingi wa damu uko sawa kabisa. Kwa kawaida B12 ikikosekana chembe nyekundu zinakuwa kubwa kuliko kawaida, kwenye karatasi ya FBP, kile kipimo cha damu kamili, utaona MCV, yaani ukubwa wa chembe nyekundu, imevuka 100. Lakini mtu akiwa na upungufu wa madini ya chuma wakati huo huo, au ile hali ya kurithi ya chembe ndogo za damu ambayo kwa watu wa pwani yetu ipo sana, chembe zinavutwa kuwa ndogo, na huku B12 inazivuta kuwa kubwa, mwisho wa siku MCV inatoka 90 na kitu, inaonekana ya kawaida na haimaanishi chochote. Asidi ya foliki nayo, kwenye vidonge vya kuongeza damu au kwenye unga ulioongezwa virutubisho, inaweza kuitengeneza damu ikaonekana safi huku neva zinaendelea kuumia kimya kimya. Kwa hiyo mwenye ganzi asimpe mtu nafasi ya kumfungia jalada kwa kuangalia wingi wa damu peke yake.

Nani apime basi? Kwa maoni yangu, na hayapishani na miongozo, anayetumia metformini na ana ganzi, kuwaka moto, kuyumba au upungufu wa damu usioeleweka, apime, haijalishi ametumia muda gani. Asiye na dalili lakini ametumia dozi kubwa zaidi ya miaka minne au mitano, au yuko kwenye omeprazoli ya kudumu, au umri umeenda, au hali vyakula vya wanyama, huyo naye ni busara apime, akitoka sawa arudie baada ya mwaka mmoja, miwili au mitatu kulingana na hatari zake. Kijana aliyeanza juzi miligramu 500, anakula samaki na mayai, hana dalili, huyo kumpeleka maabara ni kumpotezea hela. Kipimo chenyewe zahanati nyingi hazina, sampuli inapelekwa maabara kubwa na unalipia, kwa hiyo nachagua nani wa kumwambia.

Ukienda kupima kuna kitu kimoja usikosee, toa damu kabla hujaanza vidonge au sindano za vitamini. Ukimeza wiki mbili alafu ukapima, namba inapaa, unaambiwa huna shida, na ukweli hautajulikana tena.

Majibu yanasomwa hivi. Maabara nyingi zinatoa kwa pg/mL. Chini ya 200 ni upungufu, kati ya 200 na 300 ni eneo la mashaka, juu ya 300 kwa kawaida uko salama. Mipaka inatofautiana kidogo kati ya maabara na kati ya nchi, kwa hiyo angalia na ile safu ya kawaida iliyochapwa pembeni. Ila angalia na kizio kilichoandikwa! Maabara nyingine zinatoa kwa pmol/L, na 148 kwa pmol/L ndo sawa na 200 kwa pg/mL. Mtu anakuja na 190 amepanik, kumbe ni pmol/L, ukibadilisha inakuwa kama 257, yaani yuko kwenye mashaka, hajafika upungufu. Na kinyume chake kipo pia, ambacho ni kibaya zaidi.

Walio eneo la mashaka wanaweza kuongezewa kipimo cha MMA au cha homosisteini, vitu viwili vinavyopanda damuni pale B12 inapokosekana ndani ya chembe zenyewe. Hivi vina maana kwa watu wa metformini hasa, kwa sababu kuna watu namba yao ya damu inashuka lakini ndani ya chembe mambo bado yako sawa, MMA haijapanda, na hao hawahitaji kutishwa. Tahadhari tu kwamba figo zikiwa zimechoka MMA inapanda yenyewe, na wenye kisukari wengi figo zao zimeguswa. Kama vipimo hivi havipatikani ulipo, na mara nyingi havipatikani, mgonjwa mwenye dalili na namba ya mashaka anatibiwa tu alafu anaangaliwa kama anapata nafuu. B12 haina kiwango cha sumu kinachojulikana, kwa hiyo kutibu kwa mashaka hatari yake ni ndogo kuliko kuacha neva ziendelee kufa.

Tuchukue mfano mmoja nilioutunga, lakini wa aina hii wanakuja sana. Mama wa miaka 63, mwalimu mstaafu, yuko Tanga. Metformini gramu 1 asubuhi na gramu 1 jioni kwa miaka tisa. Omeprazoli miligramu 20 kila siku kwa miaka mitatu, aliandikiwa ya mwezi mmoja akaendelea mwenyewe. Chakula chake ni ugali au wali, maharage, mchicha, samaki mara moja kwa wiki, chai ya rangi. HbA1c ni asilimia 6.9, nzuri. Miezi minane sasa miguu inawaka, shuka likimgusa anaumia, na mwezi uliopita aliyumba bafuni akashika ukuta. Ameambiwa ni sukari akapewa dawa ya kutuliza maumivu ya neva. FBP inaonyesha damu 11.2, MCV 96, kwenye karatasi hamna alama nyekundu zaidi ya hiyo damu kupungua kidogo. B12 ikapimwa ikatoka 158 pg/mL.

Ukiziweka pamoja, dozi kubwa, miaka tisa, asidi imezimwa, chakula chenye B12 kidogo, umri, sukari nzuri lakini ganzi inazidi, hata kabla ya jibu la maabara ungeshashuku. Na MCV ya 96 isingekutuliza. Huyu ana dalili za neva, kwa hiyo anaanzia kwenye sindano ya B12, ile aina inayoitwa haidroksokobalamini, miligramu 1 kwenye msuli, na utaratibu wa Uingereza kwa mwenye dalili za neva ni siku moja ndiyo siku moja hapana mpaka nafuu isiendelee tena, alafu moja kila miezi miwili. Sehemu nyingine wanatumia aina nyingine ya B12, sianokobalamini, mikrogramu 1000 kila siku kwa wiki moja, kila wiki kwa mwezi, alafu kila mwezi. Daktari wake atachagua kulingana na kilichopo. Omeprazoli inatazamwa upya, kama haina sababu inaondolewa taratibu. Metformini inabaki. Narudia, inabaki, kwa sababu sukari yake imeshikwa vizuri na kilichopungua kinaweza kurudishwa bila kuigusa.

Nini kitafuata kwake? Uboho unaitikia haraka, ndani ya wiki chembe changa zinaongezeka, na damu inakaa sawa kwenye wiki nane hivi kama hakuna upungufu mwingine. Neva ni za polepole, nafuu inaanza kuonekana wiki au miezi, na inaweza kuendelea kuja mpaka miezi sita au mwaka. Wengine mwanzoni wanasikia kuchomachoma kumezidi kidogo wakadhani sindano imewadhuru. Asilimia ya kurudi inategemea sana amechelewa kiasi gani, aliyeumwa miezi mitatu anarudi vizuri kuliko aliyeumwa miaka mitatu, na kama sehemu ya ganzi ilitokana na sukari hiyo itabaki. Mgonjwa aambiwe haya mapema, maana wengi wanaacha sindano ya tatu kwa kusema haijasaidia.

Kwa asiye na dalili za neva, upungufu mdogo tu kwenye karatasi, vidonge vinatosha. Najua watu wetu wanaamini sindano ndo dawa, lakini kidonge cha mikrogramu 1000 kila siku kinafanya kazi, na sababu yake ni nzuri kuijua. Ukiacha ile njia ndefu ya vipokezi, kuna kama asilimia 1 ya B12 inayopenya yenyewe kwenye ukuta wa utumbo bila kusaidiwa na chochote. Asilimia 1 ya mikrogramu 1000 ni mikrogramu 10, mara nne ya mahitaji ya siku, na metformini haina la kufanya juu ya njia hiyo. Kwa hesabu hiyo hiyo utaona kwanini multivitamini ya kawaida yenye mikrogramu chache haiwezi kumrudisha mtu ambaye tayari amepungukiwa. Na swali la maini: kula maini na dagaa kunasaidia sana kulinda, kwa mtu ambaye bado hajapungukiwa ndo kinga nzuri na ya bei nafuu, lakini aliyefika 158 hawezi kujitibu kwa sahani kwa sababu mlango unaozembea ndo ule ule unaopitiwa na chakula.

Nije kwenye vile vidonge vya neva vinavyouzwa sana dukani, mchanganyiko wa B1, B6 na B12. Watu wanavinunua vya mwezi baada ya mwezi, na mimi siwakatalii lakini nawaomba wasome boksi upande wa B6. Vingine vina miligramu 100 au hata 200 za B6 kwa kidonge kimoja, na B6 nyingi kwa muda mrefu inaharibu neva yenyewe, inaleta ganzi ile ile uliyokuwa unaikimbia. Marekani kikomo chao kwa mtu mzima ni miligramu 100 kwa siku kutoka vyanzo vyote, Ulaya mwaka 2023 walishusha mpaka 12. Kwa hiyo anayemeza mara tatu kwa siku kwa mwaka mzima, na ganzi inazidi, asiongeze kidonge cha nne. Kama unachohitaji ni B12, tafuta B12 peke yake, iwe sianokobalamini au ile ya methili inayotangazwa kuwa bora, kwa matumizi haya sioni sababu ya kulipa mara tatu zaidi kwa sababu ya jina.

Wanaouliza kama kila anayetumia metformini aanze tu B12 bila kupima, kwa mtu mwenye hatari nyingi asiyeweza kufika maabara, kidonge cha B12 peke yake ni jambo linaloeleweka na ajadiliane na anayemtibu. Kwa mwenye ganzi tayari nakataa, huyo atoe damu kwanza, kwa sababu ganzi ina sababu nyingine pia, tezi ya shingo, pombe, VVU, dawa za TB, na ukiifunika kwa vidonge unaweza kuikosa.

Na kwa aliyeshaanza matibabu, usirudi kila mwezi kupima B12 kuona imefika wapi. Ukiwa kwenye sindano namba itakuwa juu tu, haikuambii neva zimepona au la. Kinachofuatiliwa ni miguu yako, unavyotembea gizani, na FBP. Ila angalia HbA1c, maana upungufu wa B12 unaweza kuifanya isome juu kuliko hali halisi kwa sababu chembe za zamani zinabaki kwenye damu muda mrefu, na matibabu yakianza chembe changa zikajaa inaweza kushuka ghafla bila wewe kubadilisha chakula wala dawa. Miezi ile ya mwanzo tegemea zaidi kipimo cha kidole cha nyumbani, na mwambie daktari tarehe uliyoanza sindano kabla hajapunguza au kuongeza dawa yoyote ya sukari.